Mkandarasi aliyechelewa aandike hivi

Barua za makandarasi kuomba radhi zinafanana kiasi kwamba ukisoma moja umesoma zote. Zinaanza na "tunasikitika", zinapitia "sababu zilizo nje ya uwezo wetu", kisha zinamalizia kwa kumhakikishia mteja kwamba kazi itakamilika hivi karibuni. Mteja akimaliza kuisoma anapiga simu saiti kuuliza hivi karibuni ni lini. Fundi anamjibu, "Mungu akipenda, wiki ijayo." Huo ndio mpango wote anaoupata.

Msimamo wetu ni kwamba barua ya namna hiyo afadhali isiandikwe. Mteja aliyekosa hatua iliyopangiwa tarehe anataka kujua mambo matatu: kilichokwamisha, kama kimeondoka, na siku gani aende saiti akaone kwa macho yake kwamba kweli kimeondoka. Maneno ya majuto yanatosha kwa sentensi moja. Kurasa zinazobaki ni za hesabu.

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa kila mjenzi wa Tanzania ataujua. Shule ya sekondari ya wasichana mkoani Morogoro inajenga bweni la ghorofa moja, mita 30 kwa 12, kwa mkataba wa shilingi milioni 620. Kwa kalenda ya mwaka 2025, mkataba unataka slabu ya ghorofa iwe imemwagwa ifikapo Ijumaa, Februari 28, na jengo lote likabidhiwe Ijumaa, Juni 13. Shule haikuichagua Juni kwa kubahatisha. Wanafunzi wa kidato cha tano huripoti Julai, na vitanda lazima viwe vimeingia kabla yao. Februari 28 imefika na slabu haijamwagwa. Mbao za kumwagia zimefungwa zote, milunda imesimama chini, lakini juu ya mbao hizo nondo zimefungwa nusu tu.

Kwa nini? Mkandarasi ana majibu matatu mkononi, na namna atakavyoyapanga ndiyo itakayoonyesha kama barua yake ni ya kweli.

La kwanza ni mvua. Ilinyesha mara mbili mwezi Februari na kazi ikasimama. La pili ni kwamba Februari 12 shule ilibadilisha mahali pa vyoo vya juu, mafundi wakalazimika kufungua sehemu ya mbao na kupitisha upya mabomba ya maji taka, kazi iliyochukua siku tatu. La tatu, ambalo hakuna anayependa kuliandika, ni kwamba tani 6 za nondo zilichelewa kuagizwa. Fedha za mkandarasi zilikuwa zimenasa kwenye kazi nyingine ambayo cheti chake cha malipo kilikuwa hakijalipwa, kwa hiyo malipo ya awali kwa muuza nondo yalikwenda wiki mbili baadaye.

Barua ya kawaida itaweka mvua mbele, mabadiliko ya vyoo katikati, na nondo zitageuka kuwa "changamoto za upatikanaji wa vifaa sokoni". Msomaji mwenye macho ataona mara moja. Nondo za milimita 12 na 16 zinauzwa kila mji. Sokoni zilikuwepo, ila hazikuwa zimelipiwa.

Mvua nayo haimsaidii mkandarasi kama anavyodhani. Mvua ya msimu ni jambo alilotakiwa kulijua alipopanga ratiba. Mikataba inayofuata kitabu chekundu cha FIDIC, toleo la mwaka 1999, inampa mkandarasi nyongeza ya muda kwa hali ya hewa mbaya kupita kiasi cha kawaida. Kunyesha mara mbili Februari mkoani Morogoro hakufiki huko. Tena mbele yake kuna masika yenyewe, Machi hadi Mei. Ukianza kulia na mvua ya Februari, mteja atajiuliza Aprili utakuwa na hali gani.

Hoja ya vyoo ni ya haki, lakini ina mtego. Siku tatu zile mafundi walikuwa wakipitisha mabomba, ni kweli. Lakini hata shule isingebadilisha kitu, siku hizohizo nondo hazikuwepo na slabu isingemwagwa. Mhandisi msimamizi atafungua daftari la saiti, aone tarehe ya mabadiliko na tarehe nondo zilipotakiwa kufika, aseme ucheleweshaji huo ulienda sambamba na wa mkandarasi mwenyewe. Kwa hiyo anayeitanguliza hoja hii ndani ya barua ya kuomba radhi anajitafutia mabishano atakayoshindwa, na mabishano hayo yatakula wiki ambayo ilitakiwa kutumika kufunga nondo.

Hatusemi asidai. Anayo haki ya kudai gharama za kufungua na kufunga upya, pengine na muda, lakini adai kwa barua nyingine. Chini ya kitabu hicho cha FIDIC, mkandarasi anatakiwa kutoa notisi ya madai ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua jambo lenyewe. Kwa mabadiliko ya Februari 12, siku ya mwisho ni Machi 12. Notisi haihitaji urefu. Inataja tukio, tarehe, na kwamba maelezo kamili yatafuata. Aiandike, aisaini, aipeleke, yaishe. Kuchanganya radhi na madai katika karatasi moja kunaharibu vyote viwili: radhi inasomeka kama kisingizio, na dai linasomeka kama jambo la kupita ambalo hata mwenyewe halitilii maanani. Wapo waliopoteza madai ya haki kabisa kwa sababu waliyaficha aya ya nne ya barua iliyoanza na "tunasikitika".

Basi inabaki nondo. Hapa tunasisitiza kuliko pengine popote: sababu iandikwe ilivyo. Si kwa ajili ya uungwana tu. Chanzo ndicho kinachomwonyesha mteja kama mpango mpya utasimama. Tatizo lilikuwa fedha za vifaa kuchelewa kutoka. Nondo si kifaa cha mwisho kinachohitaji malipo ya awali. Bado kuna mabati, mbao za kenchi, madirisha, vigae. Kama fedha zilikwama kwenye nondo, kwa nini zisikwame kwenye mabati mwezi Aprili? Mpango usiojibu swali hilo umebadilisha tarehe tu na kuacha ugonjwa palepale. Mficha uchi hazai, na mkandarasi anayemficha mteja wake hali ya fedha atakuja kuumbuka mbele ya rundo la matofali yasiyo na paa.

Jibu linaweza kuwa fupi: ile kazi nyingine imelipwa, nondo zimelipiwa zote na risiti imeambatishwa, na oda ya mabati italipiwa ifikapo tarehe fulani bila kusubiri cheti cha slabu. Kama hawezi kuandika sentensi hiyo ya mwisho kwa sababu si kweli, basi ana jambo kubwa zaidi la kuzungumza na mteja, na ni bora alizungumze sasa ana kwa ana. Njia zipo. Mojawapo ni mteja kumlipa muuza mabati moja kwa moja na kukata kwenye cheti kinachofuata. Lakini ombi hilo lisichomekwe ndani ya barua ya radhi. Mtu aliyekukosea asubuhi na kukukopa jioni hasikilizwi vizuri.

Sasa tarehe. Kosa linaloonekana kwenye barua nyingi zenye tarehe ni kwamba tarehe hizo zimehesabiwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mkandarasi anaiangalia Juni 13, anaogopa kuisogeza, kisha anazibana kazi zote zitoshe humo. Anaandika kwamba ataongeza vibarua, atafanya kazi usiku, na siku zote zilizopotea zitafidiwa. Mteja anafurahi kwa wiki tano.

Hesabu ya kweli inaanzia pale kazi ilipo leo na inakwenda kwa mwendo wa kazi yenyewe. Nondo zinafika saiti Alhamisi, Machi 6. Kufunga zilizobaki ni siku sita za kazi, Ijumaa ya tarehe 7 hadi Alhamisi ya tarehe 13, Jumapili ikiwa mapumziko. Ijumaa, Machi 14, mhandisi anakagua nondo na mabomba kabla hayajafunikwa. Jumamosi, Machi 15, zege linamwagwa. Hatua iliyotakiwa Februari 28 inafikiwa siku 15 baadaye. Namba hiyo iandikwe kwenye barua bila kupambwa.

Baada ya hapo kuna siku ambazo fedha haziwezi kuzinunua. Zege linahitaji kumwagiliwa maji angalau siku saba lisikauke haraka likapasuka. Kwa saruji ya kawaida, siku ya saba linakuwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu zake. Nguvu inayotajwa kwenye michoro hupimwa siku ya 28. Milunda chini ya slabu inakaa kwa muda atakaoelekeza mhandisi, na tuseme hapa ameelekeza siku 28. Kutoka Machi 15, siku 28 zinaishia Jumamosi, Aprili 12. Kabla ya hapo huwezi kupiga plasta vyumba vya chini, kwa kuwa kila hatua mbili umekutana na mlunda. Mkandarasi anayeahidi kuanza plasta ya chini Machi 31 ana jambo moja kati ya mawili: ama hajahesabu, ama anakusudia kutoa milunda mapema. La pili linatutisha zaidi kuliko kuchelewa kokote.

Ni wapi basi siku zinaweza kurudi? Juu ya slabu. Siku nne baada ya kumwaga, Jumatano, Machi 19, mafundi wanaweza kuanza kupandisha kuta za juu. Kwa kundi moja la mafundi, kuta hadi kwenye lenta zilipangiwa siku 18 za kazi. Ukihesabu Idi el-Fitri iliyoangukia mwisho wa Machi, na Siku ya Karume, Aprili 7, kundi moja lingemaliza Aprili 11. Makundi mawili, kila moja na upande wake wa korido, yanamaliza kwa siku 12 za kazi, yaani Aprili 3. Hizo ni siku nane zimerudi. Na kama mafundi seremala watatengeneza kenchi chini uwanjani wakati kuta zikipanda, badala ya kungoja kuta ziishe, zinarudi siku nyingine tatu. Jumla 11. Kati ya 15 zilizopotea, nne hazirudi.

Mtu atauliza, na plasta ya chini iliyosogea siku 15 nzima? Ndiyo, imesogea. Lakini katika ratiba hii plasta ya chini haikuwa kazi inayoshika tarehe ya mwisho. Inayoishika ni mnyororo wa juu: slabu, kuta, kenchi, mabati, kisha umaliziaji wa vyumba vya juu. Chini kulikuwa na nafasi, na nafasi hiyo imeliwa. Jambo hili lina maana kubwa kwa mteja, kwa kuwa linamwonyesha fedha za ziada ziende wapi. Ukiongeza mafundi kumi wa plasta chini, utapata kelele nyingi saitini na Juni itabaki palepale. Ukiongeza kundi moja la waashi juu, umepata wiki. Mteja akiona mkandarasi amelitambua hilo, anajua anazungumza na mtu aliyekaa na ratiba yake.

Siku nne zisizorudi zinaipeleka Juni 13 kwenye Juni 17. Je, mkandarasi aandike Juni 17? Hapana. Kuanzia sasa hana tena haki ya kukosea. Masika yako mbele, na kuezeka kutaangukia katikati yake. Ratiba ya awali ilikuwa na siku chache za mvua, lakini zile zilipangwa kwa kazi ambazo sasa zimehamia kwenye wiki zenye mvua nyingi zaidi. Aweke siku 10 za mvua waziwazi, kwa jina lake, kwenye mstari wake. Nne na kumi ni 14. Tarehe mpya ni Ijumaa, Juni 27.

Tunajua mteja hataipenda. Mwenyekiti wa bodi atasema, kwa nini usiniambie Juni 17 halafu tuone? Tunamshauri mkandarasi akatae kishawishi hicho. Juni 17 inayoweza kugeuka Juni 27 bila taarifa haimsaidii mteja kupanga kitu. Juni 27 iliyo thabiti inamwezesha kumwambia muuza vitanda alete Juni 30, na kumwambia matroni aandae bweni la zamani kama akiba. Zikibaki siku za mvua ambazo hazikutumika, jengo litakabidhiwa mapema na hakuna atakayelalamika.

Hii ndiyo barua ambayo tungependa kuiona. Inapita kwa mhandisi msimamizi, kama mikataba ya namna hii inavyotaka, na inafika Jumatatu, Machi 3, siku ya kwanza ya kazi za ofisi baada ya hatua kukosekana:

"Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Kupitia kwa Mhandisi Msimamizi.

YAH: KUTOKAMILIKA KWA SLABU YA GHOROFA TAREHE 28 FEBRUARI, NA TAREHE MPYA

Tunaomba radhi. Tuliahidi slabu ya ghorofa iwe imemwagwa Februari 28 na hatukufanya hivyo.

Sababu ni kwamba tulichelewa kulipia nondo kwa wiki mbili, kwa kuwa fedha zetu zilikuwa kwenye kazi nyingine. Tulijua tangu Februari 18 kwamba nondo hazitafika kwa wakati, na tulipaswa kukueleza siku ile. Nondo zote sasa zimelipiwa, risiti imeambatishwa. Mabati yatalipiwa ifikapo Machi 21 kwa fedha zilizokwishaingia, bila kungoja malipo ya slabu.

Nondo zitafika saiti Machi 6. Ukaguzi wa mhandisi utakuwa Machi 14 na slabu itamwagwa Machi 15, yaani siku 15 baada ya tarehe ya mkataba. Kuta za juu zitafika kwenye lenta Aprili 3 kwa makundi mawili ya waashi, kwa gharama yetu. Milunda itatolewa Aprili 12, si kabla, na baada tu ya majibu ya kyubu za siku ya 28 kuridhiwa na mhandisi. Makabidhiano yatakuwa Juni 27 badala ya Juni 13. Ndani ya tarehe hiyo kuna siku 10 za mvua.

Tunafahamu kwamba mkataba una fidia ya ucheleweshaji kuanzia Juni 14 na hatuombi kusamehewa kwa barua hii.

Kila Ijumaa saa nne asubuhi tutakuletea karatasi moja yenye kazi iliyopangwa kwa wiki hiyo, iliyofanyika, na picha. Nondo zisipofika Machi 6, tutakupigia simu siku hiyohiyo kabla ya saa kumi jioni.

Ratiba iliyorekebishwa imeambatishwa."

Saini, cheo, simu, basi.

Baadhi ya mambo humo yanastahili neno. Sentensi ya Februari 18 ndiyo nzito kuliko zote. Wateja wengi husamehe kuchelewa. Kinachowakera ni kugundua kwamba mkandarasi alijua siku kumi kabla akanyamaza, nao wakaendelea kupanga mambo yao kwa tarehe iliyokwisha kufa. Mkandarasi asipoiandika, mhandisi ataitoa kwenye mafaili, kwa sababu tarehe ya oda ya nondo ipo kwenye karatasi ya muuzaji.

Sentensi ya fidia inawashtua wengi. Kwa nini umkumbushe mteja fedha anazoweza kukukata? Kwa sababu anazikumbuka tayari. Tuseme mkataba huu unatoza asilimia 0.1 ya bei kwa kila siku ya kuchelewa makabidhiano. Hiyo ni shilingi 620,000 kwa siku, na kwa siku 14 ni shilingi 8,680,000. Fidia hiyo inahesabiwa kutoka tarehe ya makabidhiano, si kutoka hatua ya slabu, isipokuwa kama mkataba wenyewe umeipa slabu fidia yake. Kuitaja kwa tarehe sahihi, Juni 14, kunamzuia mhasibu wa shule asianze kuhesabu kutoka Machi 1. Kwa hiyo uungwana huo una faida yake. Halafu, kundi la pili la waashi likigharimu chini ya kile kitakachookolewa kwenye fidia, mkandarasi anajua mwenyewe kwamba "kwa gharama yetu" haikuwa sadaka. Siku nane zilizorudi kwenye kuta pekee zina thamani ya 4,960,000.

Na ile simu ya Machi 6? Hapo ndipo mpango unapojaribiwa. Ahadi ya Juni 27 haiwezi kupimwa mwezi Machi. Mteja angoje miezi mitatu ndipo ajue kama alidanganywa? Machi 6 inapimika siku tatu baada ya barua. Lori la nondo limeingia ama halijaingia. Ndiyo maana mpango wa kufidia unatakiwa kuwa na tarehe ya karibu sana, ndani ya wiki, ya kitu kinachoonekana na kuhesabika, tena kinachogusa chanzo chenyewe cha kuchelewa. Barua ambayo tarehe yake ya kwanza iko mwezi mmoja mbele imempa mwandishi wake mwezi mmoja wa kupumua, basi.

Siku ya kumwaga pia inataka tahadhari ambayo ratiba haiionyeshi. Slabu ya ukubwa huu, tukichukua unene wa sentimita 15, inakula zaidi ya mita za ujazo 50 za zege kabla ya kuhesabu mihimili. Ikimwagwa kwa mashine mbili za saiti, moja ikizimika saa saba mchana, zege la nusu ya kwanza litaanza kushika kabla la pili halijafika, na hapo katikati patabaki mshono dhaifu ambao mhandisi anaweza kuukataa. Mashine ya tatu ya akiba, mafuta ya kutosha, na turubai za kufunika mvua ikinyesha viwe saiti Ijumaa jioni. Mteja anayepita Ijumaa hiyo akaona mashine mbili tu na hakuna turubai, aulize papo hapo. Kuahirisha kwa siku mbili ni nafuu kuliko kuvunja slabu.

Upande wa mteja nao una wajibu. Baada ya barua hii, bodi ikae kimya au ijibu? Ijibu, kwa maandishi, ndani ya siku chache. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaonya juu ya kupokea kazi iliyochelewa bila kusema lolote. Anayekubali kutekelezewa kwa wakati mwingine tofauti na uliokubaliwa anaweza kupoteza dai la fidia ya kuchelewa huko, kama hakutoa taarifa wakati wa kukubali kwamba anakusudia kudai. Ndiyo sababu wanasheria humwandikia mkandarasi mstari ule wa "bila kuathiri haki zetu chini ya mkataba". Mkandarasi asiusome kama tangazo la vita. Ni mstari wa kawaida, na bodi inaweza kuuandika na bado ikamshukuru kwa kusema ukweli.

Jibu lenyewe liwe jepesi. Bodi imepokea barua. Imeiona ratiba mpya na inasubiri maoni ya mhandisi. Haki zake zinabaki kama zilivyo. Na vyoo havitabadilishwa tena. Hilo la mwisho lisisahaulike. Mwalimu mkuu anayekuja saiti Machi 12 na wazo jipya kuhusu mlango wa chumba cha matroni anaweza kuila Machi 15 bila mkandarasi kukosea lolote, na safari hiyo notisi ya madai itakuwa na meno.

Ikitokea nondo hazikufika Machi 6, mkandarasi asiandike barua ya pili ya radhi. Apige simu kama alivyoahidi, aseme lori liko wapi, kisha siku inayofuata aende mwenyewe kwa mwenyekiti akiwa na stakabadhi za muuzaji na hesabu mpya. Bodi nayo imwombe mhandisi apitie upya ratiba yote kuanzia siku hiyo, kwa kuwa kila tarehe iliyo chini ya Machi 6 imesimama juu yake. Nondo zikifika, mtu wa shule awepo getini na karatasi ya kupokelea mzigo, ahesabu vifungu vya milimita 12 na vya milimita 16 kimoja kimoja, aombe cheti cha kiwanda, apige picha, na atie saini yake karibu na ya msimamizi wa saiti.